Akaunti mbili kwa jengo moja: ada ya huduma na mfuko wa akiba

Katika kusimamia majengo ya fleti nimekuta mara nyingi mfuko wa akiba ulioandikwa vizuri vitabuni ilhali benki hauna kitu. Mara nyingi sababu si wizi. Mwenye jengo hukusanya ada ya huduma na mchango wa akiba kwa ankara moja, huziweka fedha zote katika akaunti moja, kisha huamini kwamba kitakachobaki mwisho wa mwaka ndicho akiba.

Ada ya huduma hugharimia mambo ya mwaka huu: usafi, ulinzi, umeme wa ngazi na korido, bima, matengenezo madogo. Mfuko wa akiba ni wa kazi kubwa zinazokuja baada ya miaka mingi, kama kubadilisha lifti au kuezeka paa upya. Kabla ya kumtoza yeyote mchango huo, soma mkataba wa upangaji, kwa sababu mkataba usiotaja mfuko wa akiba haukupi msingi wa kuudai.

Tuchukue jengo la fleti 12 zenye ukubwa sawa. Bajeti ya huduma kwa mwaka ni 18,000,000. Lifti imebakiza takriban miaka 8, na kwa bei ya leo kuibadilisha kutagharimu 28,800,000. Ukigawa kwa 8 unapata 3,600,000 kwa mwaka. Kila fleti basi italipa 1,500,000 za huduma na 300,000 za akiba, jumla 1,800,000.

Sasa tuseme fleti mbili hazikulipa mwaka mzima. Makusanyo yatakuwa 18,000,000, kiasi kile kile kinachohitajika kwa huduma. Mlinzi atalipwa, bima itakatwa, umeme hautazimwa, wala hakuna mkazi atakayelalamika. Lakini mfuko wa akiba, ambao vitabuni unasomeka 3,600,000, benki ni sifuri. Deni la wale wawili limelipwa na lifti, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Hali hiyo ikirudiwa miaka kadhaa, siku fundi atakaposema lifti haitengenezeki tena, mwenye jengo atalazimika kudai kwa mkupuo fedha ambazo wakazi wengine walikwisha kuzilipa, nao watakuwa na haki ya kuuliza zilikwenda wapi.

Dawa yake ni kugawa kila malipo siku yanapoingia, bila kusubiri mwisho wa mwaka. Katika mfano wetu, sehemu moja kati ya sita ya kila malipo huhamishiwa akaunti ya pili ya benki yenye jina la mfuko wa jengo, isiyochanganyika na fedha binafsi za mwenye jengo. Kwa makusanyo yale yale, mfuko utapata 3,000,000 na huduma 15,000,000. Upungufu wa 3,000,000 utaonekana kwenye akaunti ya huduma, tena mapema, kwa kuwa huko ndiko bili za kila mwezi zinakolipwa, na utakulazimisha kuwafuatilia wadaiwa. Napenda upungufu uonekane mahali unapouma.

Chunguza pia wadaiwa hao ni akina nani. Katika majengo kadhaa niliyokabidhiwa, fleti zisizolipa zilikuwa za mwenye jengo mwenyewe, ama zimekaa tupu bila mpangaji ama anaishi ndani yake. Fleti tupu nayo inafunikwa na paa lile lile, hivyo mwenye jengo aichangie kwa kiwango sawa na wengine, labda mkataba uwe umeeleza vinginevyo.

Kila mwezi linganisha vitabu na taarifa ya benki ya mfuko: salio la mwanzo, jumlisha michango na riba, toa makato ya benki na malipo ya kazi zilizokusudiwa. Jibu lifanane na salio la benki. Riba ibaki ndani ya mfuko, isihesabiwe kuwa mapato ya mwenye jengo.

Mchango wenyewe usiachwe vile vile kwa miaka 8, kwani bei hupanda. Kila mwaka omba makadirio mapya, toa kilichomo mfukoni, kisha gawa kwa miaka iliyobaki. Kama bei ya lifti imepanda kwa asilimia 5 hadi 30,240,000, na wadaiwa wamelipa hivyo mfuko una 3,600,000 kamili, zimebaki 26,640,000 kwa miaka 7, yaani takriban 3,806,000 kwa mwaka. Kila fleti itaongezewa kama 17,000 tu, nyongeza ambayo mkazi huikubali kwa urahisi ukimwonyesha hesabu.

Hesabu za mwisho wa mwaka ziwe na kurasa mbili tofauti. Ziada ya ada ya huduma hurejeshwa au hupunguzwa kwenye ada ya mwaka unaofuata kadiri mkataba unavyosema, lakini salio la mfuko wa akiba huvuka mwaka likiwa zima, likiambatana na nakala ya taarifa ya benki kwa kila mkazi.