Toa tusi, bakiza dai

"Nimemwandikia mwenye nyumba hivi, sijatuma: 'Wewe mzee ni tapeli. Kodi ya miezi sita umekula, paa linavuja kila mvua, simu hupokei. Silipi tena!' Nipunguze vipi ukali bila kuonekana naomba huruma?"

"Tapeli" litoe, maana atajibu tusi na paa litasahaulika. "Silipi tena" pia litoe. Kodi yako haijaisha, na umempa sababu ya kukutafutia mbadala. Ila sehemu dhaifu kuliko zote ni "kila mvua". Atasema unakuza mambo, nawe huna cha kumwonyesha. Weka tarehe na picha. Mimi ningeandika hivi, nawe uweke tarehe zako:

"Shikamoo mzee. Paa la chumba cha kulala linavuja. Tarehe 3 na 11 Aprili maji yaliingia hadi godoro likalowa. Picha hizi hapa. Nilikupigia siku zote mbili, sikukupata. Kodi nimelipa hadi Agosti. Naomba fundi aje kabla ya tarehe 20. Ikishindikana, niruhusu nilete fundi wangu, gharama tuikate kwenye kodi ijayo. Naomba unijibu kwa ujumbe."

Shikamoo iache ilivyo, haipunguzi dai lako hata chembe. Kinachombana ni tarehe 20.

Akikubali kwa mdomo tu, mtumie tena: "Kama tulivyoongea leo, nitaleta fundi." Usimwite fundi kabla hajakubali kwa maandishi, na bei ya fundi mtumie kwanza. Ukikata kodi bila ridhaa yake, anaweza kukuhesabu kuwa mdaiwa.