Pesa za mradi zikiwa bado zimelala benki, utumie riba ipi?

Tulipotaka kujenga fremu za maduka Kibaha, mimi na ndugu zangu tulibishana wiki nzima kuhusu riba ya kupimia mradi. Mkononi tulikuwa na milioni 50. Ujenzi ulihitaji milioni 20 mwanzoni, 20 baada ya mwaka, na 40 mwisho wa mwaka wa pili. Mnunuzi alikuwa tayari kutulipa milioni 100 mwaka wa tatu ukiisha. Mkopo ulikuwa asilimia 18, na amana ya muda maalumu ilitupa 8 baada ya kodi.

Kaka alikuza gharama zote kwa 18 hadi mwaka wa tatu, akapata karibu milioni 108. Akasema tuache. Mimi nilitumia 8, nikapata chini kidogo ya 92, nikaona faida ya milioni 8. Sote tulikosea, maana kila mmoja alichukulia kwamba pesa zetu zina hali moja miaka yote.

Kilichotutoa ni daftari la salio. Baada ya kulipa 20 za mwanzo, zinabaki 30. Hizo ziko benki, kwa hiyo zinakua kwa 8: 32.4. Toa 20, zinabaki 12.4, nazo mwaka ukipita zinakuwa karibu 13.4. Hapo zinadaiwa 40. Tunapungukiwa 26.6, na ni hizo tu tunazokopa kwa 18. Mwaka wa tatu deni linafika 31.4.

Mnunuzi akilipa 100, tunabaki na 68.6. Kumbuka kuandika na ukurasa wa pili: tusipojenga kabisa, milioni 50 zetu zinakaa kwenye amana miaka mitatu na kuwa karibu 63. Faida halisi ni milioni 5.6. Kwenye ukurasa huo hatukopi hata shilingi, kwa hiyo 18 haina kazi hapo. Ndiyo maana hata wastani wa 13 haukufaa: ulionyesha faida ya laki nne tu.

Salio likiwa chanya, tumia riba ya amana. Likiwa hasi, tumia ya mkopo. Ujenzi ukichelewa au bei ya nondo ikipanda, salio linageuka mapema, kwa hiyo rudia hesabu.

Jambo lililonitisha zaidi lilikuja benki, pale afisa mikopo alipopendekeza tuchukue mkopo wote siku ya kwanza, "uwe tayari". Ili kuziba lile pengo tungechukua 22.8 na kuziweka kwenye amana. Miaka miwili tungelipa 18 huku tukipokea 8, na deni la mwisho lingekuwa 37.5 badala ya 31.4. Milioni 6 zaidi, yaani faida yote na zaidi kidogo. Tuliomba mkopo utolewe mwaka wa pili ukiisha, na tukahakikisha tarehe hiyo imeandikwa kwenye mkataba kabla ya kusaini.