Wananiiga tu wakiruka

"Nafundisha michezo darasa la nne, Mikindani. Nawaonyesha namna ya kutua, wananiiga, kesho wamesahau. Nifanyeje?"

Mwalimu mwenzangu, kwanza usiwaonyeshe. Huku Lindi huwapanga wawili wawili kwenye udongo, si mchangani, maana mchanga humeza sauti. Mmoja anaruka, mwenzake kafumba macho. Swali ni moja: "Utatuaje asisikie kishindo?" Wakisharuka mara tano hivi, uliza: "Ulipotua kimya, magoti yalikuwaje? Kilitangulia kisigino au vidole?" Kisha nyamaza, hesabu hadi tano moyoni. Ukijijibu mwenyewe, wanarudi kuiga. Aliyekwama mpe swali dogo: "Kunja magoti zaidi; kishindo kimepungua?"

Waruke kutoka chini tu, si juu ya benchi. Na kusimama kwa kichwa usikufundishe hivi; shingo haijaribiwi.