Maswali na majibu: Kutoka namba nasibu hadi dakika za kusubiri

Nina kibanda cha wakala wa pesa, napata wateja 15 kwa saa, yaani mmoja kila dakika 4 kwa wastani. Nataka kuigiza foleni kwenye Ekseli. Kwa nini nisiandike tu `=RAND()*8`? Wastani wake si ni 4?

Wastani ni 4 kweli, lakini foleni utakayoigiza haitafanana na ya kibandani. `RAND()` inatoa namba yoyote kati ya 0 na 1 bila kupendelea, kwa hiyo ukizidisha kwa 8 hakuna mteja atakayechelewa zaidi ya dakika 8, hata uigize mwaka mzima. Wateja wanaokuja kila mtu kwa shughuli zake, bila kuambizana, hawaendi hivyo. Mara nyingi wanafuatana karibu karibu, kisha kibanda kinapoa kwa muda mrefu. Mtindo huo tunauita mgawanyo wa eksponensia. Ndani yake, kwa wastani wa dakika 4, karibu asilimia 22 ya nafasi kati ya wateja ni chini ya dakika 1, na asilimia 13.5 zinazidi dakika 8. Fomula yako inatoa asilimia 12.5 na sifuri. Foleni hutokea pale wateja wanapobanana, kwa hiyo utajiona una nafasi ya kupumua ambayo kazini huipati.

Andika hivi:

```
=-LN(1-RAND())*4
```

Hiyo logi imetoka wapi? Naomba maelezo kwa mfano wa namba, si herufi tupu.

Tuanze na swali jepesi: kuna uwezekano gani mteja anayefuata atakuwa ameshafika ndani ya dakika t? Kwa mgawanyo huu jibu ni

```
F(t) = 1 - e^(-t/4)
```

Ukiweka t = 1 unapata 0.221, ukiweka 4 unapata 0.632, ukiweka 12 unapata 0.950. Mstari unaanza sifuri, unapanda haraka, halafu unalala polepole ukielekea 1 bila kuigusa.

Sasa tunausoma mstari huo kinyume. Badala ya kuchagua dakika na kuuliza uwezekano, tunachukua namba nasibu U, tunaiweka kwenye mhimili wa uwezekano, na kuuliza ni dakika ngapi inayolingana nayo. Yaani tunatafuta t katika U = 1 - e^(-t/4). Hamisha: e^(-t/4) = 1 - U. Chukua logi asilia pande zote, kisha zidisha kwa -4:

```
t = -4 * ln(1 - U)
```

Kwa nini namba zinazotoka zinafuata mgawanyo tunaoutaka? Angalia dakika 4. Fomula itatoa muda usiozidi 4 pale tu U isipozidi 0.632, kwa sababu mstari unapanda daima, haurudi chini. Na U, kwa kuwa haipendelei upande wowote, huangukia chini ya 0.632 mara 632 katika kila 1000 hivi. Kwa hiyo asilimia 63.2 ya nyakati zetu zitakuwa ndani ya dakika 4, sawasawa na F(4). Hoja hiyo hiyo inasimama kwa dakika yoyote utakayoichagua, na uthibitisho wote ni huo.

Tufanye kwa mkono. Tuseme unafungua saa 2:00 asubuhi na kompyuta imetoa 0.15, 0.72, 0.38, 0.94 na 0.51.

Ya kwanza: 1 - 0.15 ni 0.85, logi asilia yake ni -0.1625, mara -4 ni dakika 0.65. Mteja wa kwanza anaingia saa 2:00 na sekunde 39. Ya pili, 0.72, inatoa dakika 5.09, na kwa kuwa huo ni muda baada ya mteja aliyetangulia, tunajumlisha: dakika 5.74 tangu kufungua. Namba 0.38 inatoa 1.91, tunafika 7.65. Halafu 0.94 inatoa 11.25, kimya kirefu, na mteja wa nne anatokea dakika ya 18.90. Namba 0.51 inatoa 2.85, na wa tano anafika dakika ya 21.75, karibu saa 2:22.

Tazama namba 0.94 ilivyonyoshwa. Kutoka 0.51 hadi 0.72 tumeongeza dakika 2.24 tu, lakini kutoka 0.72 hadi 0.94, umbali unaokaribia kulingana, tumeongeza zaidi ya 6. Pale mstari unapolala, hatua ndogo ya U ni hatua ndefu ya muda.

Naona wengine wanaandika `ln(U)` na wengine `ln(1-U)`. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea kihesabu. Kama U imetawanyika sawasawa kati ya 0 na 1, basi 1 - U nayo ni hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye mashine. `random.random()` ya Python inaweza kutoa 0 kamili, ingawa ni nadra mno, lakini haitoi 1. Ukiandika `math.log(U)` siku hiyo ikifika programu itakatika, maana sifuri haina logi. Ukitumia 1 - U, sifuri inageuka 1, logi yake ni 0, na kazi inaendelea. Mimi huandika 1 - U siku zote.

Nimeigiza wateja 10,000, wastani unatoka 1.74. Mwenzangu kwa Python anapata 0.25. Tumeharibu wapi?

Wewe umetumia `LOG` badala ya `LN`. Kwenye Ekseli, `LOG` bila maelezo zaidi ni ya kizio cha 10, na 4 mara 0.434 ni 1.74. Mwenzako ameandika `random.expovariate(4)`. Kazi hiyo inataka kasi, yaani wateja kwa dakika, ambayo hapa ni 1/4. Ile ya NumPy, kinyume chake, inataka wastani:

```python
random.expovariate(1/4)
rng.exponential(4)
```

Kwa sampuli 10,000, wastani ukitoka nje ya 3.9 hadi 4.1, tafuta kosa. Angalia pia mkengeuko sanifu: kwenye mgawanyo huu unatakiwa ulingane na wastani, kwa hiyo nao uwe karibu 4. Ile `RAND()*8` ingepita mtihani wa wastani, lakini mkengeuko wake ni 2.3, na hapo ingeumbuka.

Kwangu jioni watu hufurika, mchana hakuna mtu. Naweza kubadilisha tu hiyo 4 kila saa?

Si moja kwa moja. Ukichota muda mrefu mchana kwa kasi ya mchana, unaweza kuruka mwanzo mzima wa jioni. Chukua kasi kubwa kuliko zote, tuseme 30 kwa saa, na uigize siku nzima kwa wastani wa dakika 2. Kisha kwa kila mteja chota U nyingine. Kama saa hiyo kasi halisi ni 6, mbakize ikiwa U iko chini ya 6/30, la sivyo mfute. Jioni, kasi ikiwa 30, hafutwi mtu.

Ila wateja wakishushwa kumi kwa mpigo na basi moja, mgawanyo huu haufai hata ubadilishe kasi, kwa sababu hapo ujio wa mmoja unafungamana na wa mwingine. Igiza mabasi kwanza, halafu abiria wa kila basi.