Ukurasa wa ruta haufunguki? Iulize kwanza simu yako

Watu wengi wanaoniita kuwasaidia na ruta huwa wameshaandika 192.168.1.1 kwenye brauza mara nyingi ili wafungue ukurasa wa mipangilio, bila mafanikio. Namba hiyo waliisoma mahali fulani, lakini si lazima iwe ya ruta yao. Ruta nyingi za TP-Link hutumia 192.168.0.1, modemu ndogo za Huawei mara nyingi 192.168.8.1, na aliyeifunga anaweza kuwa alishaibadilisha. Badala ya kubahatisha, kiulize kifaa ambacho tayari kimeunganishwa, kwa sababu hakiwezi kutoka nje bila kulijua lango, yaani anwani ya ruta.

Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Wi-Fi, gusa alama ya "i" kando ya jina la mtandao, usome mstari wa Router. Kwenye Android gusa gia iliyo kando ya jina la mtandao, utafute Gateway. Simu nyingine huificha chini ya Advanced au View more. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

```
ipconfig
```

Soma Default Gateway chini ya kichwa cha Wi-Fi, au cha Ethernet kama umechomeka waya. Ukiona namba inayoanza na fe80, iache, uchukue iliyo chini yake. Mstari ukiwa mtupu na anwani ya kompyuta yenyewe ikianza na 169.254, ruta haijakupa anwani. Hapo usihangaike na brauza. Kata waifai uunganishe upya, au tumia waya.

Kuna nyumba moja iliyonifundisha zaidi. Lango lilisomeka 192.168.0.1 na ukurasa ukafunguka, ila nywila iliyobandikwa kwenye kisanduku cha faiba ikakataliwa. Sababu ni kwamba zilikuwepo ruta mbili: kisanduku cha faiba sebuleni, na ruta ya pili ya kupeleka waifai vyumbani. Simu huonyesha lango la ile iliyounganishwa nayo moja kwa moja tu. Ili kuiona ya nyuma niliandika kwenye Command Prompt amri ya kuonyesha vifaa viwili vya kwanza njiani:

```
tracert -d -h 2 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza ulitoa 192.168.0.1, wa pili 192.168.100.1. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ya kisanduku cha faiba, na nywila ile ikakubali. Kwako mstari wa pili ukianza na namba nyingine kabisa, kwa mfano 10 au 100, mara nyingi hicho ni kifaa cha kampuni inayokuuzia intaneti, na huna ruta ya pili ya kutafuta.

Ukishaipata anwani sahihi na bado ukurasa umegoma, zima data ya simu na VPN, kisha andika http:// mbele ya namba ili brauza isiipeleke kwenye utafutaji. Angalia pia kama umeunganishwa kwenye mtandao wa wageni, maana ruta nyingi huuzuia usifikie ukurasa huo.