Msambazaji anataka tulipe kwenye akaunti mpya

"Msambazaji wetu wa saruji wa Jinja ameandika kwa barua pepe kuwa akaunti yake ya benki imebadilika, tulipe leo. Nimjibuje?"

Ndugu, zuia malipo kwanza. Isome anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, kwa kuwa matapeli huandika "rn" mahali pa "m", na kwenye kioo cha simu tofauti hiyo haionekani kwa urahisi. Hata hivyo anwani sahihi haitoshi, maana sanduku la msambazaji lenyewe huenda limedukuliwa, na hapo tapeli huandika ndani ya mazungumzo yenu ya zamani akiijua hata namba ya ankara.

Kwa hiyo mpigie mhasibu wao kwa namba iliyo katika mkataba, kamwe si ile iliyo chini ya barua hiyo, na umwombe yeye akutajie akaunti badala ya wewe kumsomea athibitishe. Ukilazimika kujibu, andika hivi:

"Tumepokea ombi lenu. Mabadiliko ya akaunti huthibitishwa kwa simu, kupitia namba tulizo nazo kwenye kumbukumbu zetu. Hadi hapo, taarifa za malipo hazitabadilishwa."

Usitaje kiasi wala siku ya malipo. Kama fedha zimeshatoka, ipigie benki yako saa hiyohiyo, kisha uripoti polisi.