Ratiba ya saluni: ugomvi mwingi uko kwenye kamisheni

Swali: "Nina saluni Mwanza, wasichana wanne, wote wa kamisheni. Mmoja ana mimba ya miezi mitano, mwingine haishi kuumwa, na waliobaki wananuna kwamba wanabebeshwa. Nipangeje zamu bila kumwonea mtu wala kupoteza wateja?"

Dada, hao wanaonuna waulize kwanza wanabebeshwa nini. Mimi niko Morogoro na wangu pia wanalipwa kamisheni. Msusi akikosekana, vichwa vyake havimlemei mtu; vinagombewa, maana kila kichwa ni hela. Kinachokosa mwenyewe ni kufua taulo, kufagia nywele, kuosha vichwa vya wateja wa wenzake na kupokea simu. Kazi hizo hazina kamisheni na humwangukia mdogo kuliko wote. Kwangu, siku mtu akikosekana, anayezibeba analipwa posho ya siku hiyo, kiasi kinajulikana na wote, na zinapokezanwa. Hapo ndipo manung'uniko yalipopoa.

Siku za mapumziko ziweke Jumatatu na Jumanne, wateja wakiwa wachache. Jumamosi kila mmoja apumzike moja kwa mwezi kwa zamu, kwa sababu na wao wana harusi za ndugu zao. Wiki ya Idi na ile ya Krismasi hakuna mapumziko ya ziada, na hilo waambie mapema.

Anayeumwa atume ujumbe kabla ya saa moja asubuhi, ili umpigie mteja kabla hajatoka nyumbani. Rasta ndogo ndogo zinakula saa tano au sita, huwezi kuzichomeka katikati ya kazi nyingine. Mpe mteja achague: mkono mwingine leo, au msusi wake siku nyingine. Kamisheni anapata aliyesuka, lakini daftarini mteja anabaki kwa jina la msusi wake wa kawaida. Na usimwambie mgonjwa atafute mbadala. Hiyo ni kazi yako mwenye saluni. Tafuta msusi mmoja wa mtaani unayeuamini mkono wake, umwite siku hizo na kumlipa kwa kichwa.

Kuhusu huyo asiyeisha kuumwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Asipoleta cheti cha daktari, hulazimiki kumlipa. Ila angalia daftari kabla ya kumshuku. Aliyesuka Jumamosi na Jumapili amesimama kutwa, Jumatatu mgongo unamuuma kweli, na hapo cha kurekebisha ni ratiba yako.

Sasa mjamzito. Anastahili siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Wengi husema wa kamisheni hana mshahara, kwa hiyo hana cha kulipwa. Si kweli. Sheria inachukua alichopata wiki 13 zilizopita na kutafuta wastani. Tuseme alipata 975,000 kwa wiki hizo. Ni 75,000 kwa wiki. Siku 84 ni wiki 12, kwa hiyo likizo yake ni 900,000.

Je, mbadala atailipa? Kama kamisheni ni asilimia 40, mikono yake ilikuwa ikiingiza 187,500 kwa wiki. Mbadala mgeni akifikia theluthi mbili, 125,000, anachukua 50,000 na saluni inabaki na 75,000. Zote zinakwenda kwa aliye likizo, na hujalipa pango wala umeme. Ndiyo maana mimi natenga 25,000 kila wiki, awepo mjamzito au asiwepo. Kwa wiki 36 likizo moja imekamilika. Wewe umebakiwa na miezi minne, basi anza leo, na pengo lililobaki lipangie mapema.

Sheria inamtaka akupe taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na anaweza kuanza likizo wiki nne kabla. Tangu sasa mwondoe kwenye dawa za kunyoosha na rangi, mpe kusuka, na umnunulie stuli ya kukalia. Mwezi wa mwisho mbadala asuke naye kichwa kimoja, wateja wamzoee mgeni mbele ya mwenyewe.

Hairuhusiwi kumrudisha kazini kabla ya wiki sita tangu ajifungue, isipokuwa daktari akiruhusu. Akirudi ana saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kwangu anazichukua mchana kati ya rasta ya asubuhi na vichwa vifupi vya jioni, na daftarini nafasi hiyo inafungwa kwa kalamu nyekundu ili asipangiwe mteja. Wateja wake wa zamani napiga simu mimi mwenyewe kuwaambia amerudi. Anayetaka kubaki kwa mbadala, abaki.